Uliza, nyamaza, halafu ndiyo utaje jina

Walimu wenzangu habari za mchana. Nimepewa mada ndefu kidogo ya maswali darasani ila mimi leo nitaongelea kitu kimoja tu, zile sekunde chache kati ya swali na jina. Yaani umeshauliza swali, mdomo umefunga, na bado hujasema nani ajibu. Hapo katikati. Nusu yetu hapa hatuna hiyo katikati kabisa, tunauliza na jina linatoka kwenye pumzi ileile, na wengine jina linatangulia hata swali lenyewe.

Tuanze na hilo la jina kutangulia maana ndilo linaloharibu haraka zaidi. Una kikundi cha tuisheni, watoto sita au wanane wamezunguka meza. Ukisema "haya wewe wa pembeni, niambie kwa nini..." basi kabla hujafika mwisho wa sentensi watoto saba wameshaondoka kichwani, wapo wanakuangalia na wengine wanatingisha vichwa vizuri tu, lakini kazi ya kufikiri imeshapewa mtu mmoja, wao wafikiri ya nini? Mtoto sio mvivu hapo, anapiga hesabu tu kama mtu yeyote, swali lina mwenyewe na mwenyewe sio mimi. Sasa geuza. Swali kwanza, kwa wote, halafu kimya, halafu jina. Wakati wa kile kimya hakuna mtoto anayejua kama ni yeye au sio yeye, kwa hiyo wote wanane wanalazimika kuandaa kitu. Swali lilelile na mjibuji ni mmoja vilevile, ila walioshika kazi ni wanane.

Lakini kugeuza peke yake hakutoshi kama kimya chenyewe ni cha kufumba na kufumbua. Kuna mama mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, huyu alikusanya kanda nyingi za walimu wakiwa darasani akakaa anapima ukimya, na mwaka 1974 akachapisha alichokiona. Walimu kwa wastani walikuwa wanasubiri kama sekunde 1 baada ya kuuliza. Moja! Halafu kama hakuna jibu wanarudia swali, wanamwita mwingine, au wanajibu wenyewe. Aliposaidia walimu wafike sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yakarefuka, na sio kidogo, anataja asilimia 300 hadi 700, na wale wa "sijui" na wanaokaa kimya wakapungua, na watoto wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Kingine alichokiona kinauma zaidi. Wale watano mwalimu anaowaona wa juu walikuwa wanasubiriwa karibu sekunde 2 na wale watano wa chini kama sekunde 1 hivi, au pungufu. Yaani anayehitaji muda zaidi ndiye anayenyimwa. Na mwalimu hafanyi kwa ubaya, anadhani anamwokoa mtoto asiaibike.

Sasa kwa nini sekunde moja? Mbona wote tunaangukia palepale? Hii mimi naipenda kuielezea kwa sababu inatuondolea lawama kidogo. Watu wakipiga stori za kawaida pengo kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni dogo ajabu. Watafiti walipima lugha 10 tofauti duniani, kazi ikatoka 2009, wakakuta wastani ni kama moja ya tano ya sekunde hivi, lugha hii inazidi kidogo, ile inapungua kidogo, lakini zote ziko jirani. Kwa hiyo masikio yetu yamezoea hivyo tangu utotoni. Kwenye maongezi ukimya ukifika sekunde moja tunaanza kuhisi kuna tatizo, labda hajasikia, labda amekasirika, labda hataki, na mtu anaruka kuuziba. Mwalimu naye ni mtu. Anauliza swali, sekunde moja inapita, mwili wake unamwambia kuna shida hapa ziba, na anaziba. Ndio maana nawaambia sekunde tatu za darasani ukiwa umesimama mbele zinaonekana kama kumi, sio kwamba wewe ni mtu wa haraka haraka, ni kwamba unatumia saa ya kijiweni mahali ambapo swali sio la kijiweni. Swali la stori, "umekulaje jana", jibu lipo tayari mdomoni. Swali la darasani jibu halipo popote, linatakiwa litengenezwe.

Hebu tulitengeneze hapa hapa tuone. Swali hili nalitumia sana na watoto wa asilimia:

Namba ikiongezwa kwa asilimia 20, halafu hiyo uliyoipata ikapunguzwa kwa asilimia 20, je tumerudi kwenye namba ya mwanzo?

Nyie wenyewe angalieni kilichotokea kichwani sasa hivi. Mwanzo kabisa, sekunde ya kwanza hivi, ulikuwa bado unapanga maneno, kuongezwa, kupunguzwa, ishirini, ishirini. Hakuna jibu bado. Mwalimu akitaja jina hapo anamkuta mtoto yuko kwenye mlango wa swali, na mtoto huyo atafanya nini? Atatupa neno lolote, au atasema sijui. Na "sijui" hiyo mwalimu anaichukua kama taarifa kuhusu hesabu wakati ni taarifa kuhusu saa.

Sekunde ya pili ya tatu linakuja jibu la kwanza, na hili linakuja kwa karibu kila mtu: ndiyo tumerudi, imepanda ishirini ikashuka ishirini. Linakuja lenyewe, linapendeza, na sio sahihi. Mikono ya wale wepesi inaruka juu hapo hapo. Mwalimu akichagua mkono hapo anapata jibu la haraka la darasa zima kupitia mdomo wa mmoja.

Ukiendelea kukaa kimya, wapo wataanza kulitilia shaka. Atajitokeza mmoja mwenye tabia ya kujaribisha namba, anachukua 100, inaongezeka inakuwa 120, sasa asilimia 20 ya 120 sio 20 bali ni 24, na 120 ukitoa 24 ni 96. Haikurudi. Na mwingine labda hatafika 96 ila atakuwa ameshagundua kwamba ile asilimia ya pili inachukuliwa kwenye namba kubwa zaidi, na kwangu huyo ameelewa kuliko hata mwenye 96. Hapo tumeshafika sekunde tano, sita, nane kwa watoto wengine. Sasa ukitaja jina, yeyote utakayemtaja ana kitu. Anaweza kuwa bado yuko kwenye "ndiyo tumerudi" na hiyo ni sawa kabisa, maana sasa ni wazo lake alilolikalia, utalifanyia kazi, sio neno alilokurushia ili umwache.

Mmeona kwamba swali lile lina jibu bovu linalowahi na jibu zuri linalochelewa. Maswali mazuri mengi ndivyo yalivyo. Ukichagua mapema unalipa zawadi jibu bovu kila siku, na wale watoto wa jibu zuri wanajifunza kwamba wakimaliza kufikiri mada imeshapita, basi wanaacha. Baada ya miezi kadhaa una kikundi ambacho wawili wanajibu na sita wanatazama, halafu mwalimu anasema wale sita wazito.

Hapo hapo niweke mpaka maana najua mtu atatoka hapa anasubiri sekunde nane kila swali. Hapana. Saba mara nane ni ngapi, mji mkuu wa nchi fulani, alama ya kemikali ya chuma, hivi mtoto ama anakumbuka ama hakumbuki, ukisubiri sana hupati kitu ila watoto kuchoka na kuanza kuchezea kalamu. Tatu inatosha, mara nyingine hata mbili. Faida ya kusubiri inaonekana kwenye maswali ya kwa nini, ya linganisha, ya itakuwaje kama, yenye hatua zaidi ya moja. Na njia rahisi ya kujua swali lako linahitaji muda gani ni kulijibu wewe mwenyewe kimoyomoyo lakini kwa spidi ya mtoto, pitia hatua zote kabisa, chukua mia, ongeza, tafuta asilimia ya pili, toa. Ukifika mwisho ndio unataja jina. Hii naipenda kuliko kuhesabu kwa vidole kwa sababu inakupa kazi ya kufanya ukiwa kimya, na mwalimu asiye na kazi ya kufanya kwenye kimya ataongea tu.

Na ndipo tunapoharibu wengi. Mtu ameambiwa asubiri, anauliza, ananyamaza sekunde moja na nusu, halafu anasema "yaani namaanisha, ile namba ya mwanzo, tukiiongeza..." Amelirudia swali kwa maneno mengine akidhani anasaidia. Mtoto alikuwa ameshika mia moja na ishirini mkononi, sasa anaachia anasikiliza swali jipya, anaangalia kama ni lilelile au limebadilika, na saa inaanza sifuri. Ukirudia mara mbili umetumia sekunde kumi na tano na mtoto hajapata hata tatu mfululizo. Kwa hiyo lisemeni mara moja, liwe fupi, na kama ni refu kama hili la kwangu liandikeni ubaoni au kwenye karatasi katikati ya meza, ili asiyelikumbuka asome badala ya wewe kuongea. "Haya", "fikirini vizuri", "sio gumu hili", nazo ni kelele, na hiyo ya "sio gumu" ni mbaya zaidi maana anayeliona gumu sasa hatanyanyua mdomo.

Kingine ni macho. Unaweza ukawa umenyamaza vizuri kabisa lakini unamkodolea macho mtoto mmoja, basi umeshataja jina bila mdomo, wengine wanaona wanapumzika. Wakati wa kimya peleka macho kwa wote taratibu, au angalia lile swali ulilolibandika. Na mikono. Mkono mmoja ukinyanyuka kwenye sekunde ya pili wale wengine wanaacha kufikiri, wanasema ameshapata huyo. Mimi kwenye maswali ya aina hii nawaambia mikono chini wote, nitachagua mimi, na nawaambia kabisa kwa nini: nitauliza, nitakaa kimya, kimya hicho ni chenu, fanyeni kazi, nikimaliza nitataja yeyote. Msipowaambia watoto, siku ya kwanza mkikaa kimya wataogopa, wanadhani mwalimu kakasirika au kasahau somo. Ile saa ya kijiweni wanayo na wao pia!

Sasa utajuaje kimya hiki ni cha kufikiri au ni cha kupotea? Swali zuri hili kwa sababu kwa sikio vinafanana. Angalia. Anayefikiri mara nyingi macho yanaenda juu au pembeni au yanabaki kwenye karatasi, midomo inacheza, kalamu inaandika kitu, uso umejikunja kidogo. Aliyepotea anakuangalia wewe, au anamwangalia jirani, halafu jirani naye anamwangalia. Ukiona wengi wanatazamana kusubiri zaidi hakusaidii tena, hata sekunde ishirini hazitamtolea mtu kitu ambacho hana. Hapo shida ni swali au ni msingi wa nyuma yake. Punguza: "mia ukiongeza asilimia 20 unapata ngapi?" wakipata, "sasa asilimia 20 ya hiyo mpya ni ngapi?" Au wape nusu dakika wawili wawili waongee. Ila usipunguze kabla hujaona hizo dalili, maana wengi wetu tunapunguza swali kwa sababu sisi hatuvumilii, sio kwa sababu wao wameshindwa, na mtoto akishajua kwamba akinyamaza kidogo mwalimu atavunja swali vipande vipande hadi libaki la kujibu ndiyo au hapana, atanyamaza kila siku. Ana akili huyo.

Wanaofundisha kwa video niwape yao kidogo. Huko kuna kuchelewa kwa mtandao, kuna mtu anatafuta kitufe cha kufungua maiki, kwa hiyo sekunde tatu zako yeye kazipata mbili, moja imeliwa. Ongezeni. Na afadhali zaidi waambieni kila mtu aandike jibu kwenye chati lakini asitume, subiri sekunde zako, halafu sema tumeni. Majibu yote yanaingia kwa mkupuo, hakuna aliyemwiga mwenzake, na hapo ndio unachagua nani aeleze, na unamchagua ukiwa umeshaona kaandika nini, kitu ambacho mezani huwezi kukipata kirahisi hivyo.

Kuna na kile kimya cha pili, baada ya mtoto kujibu kabla hujasema "sawa" au "hapana". Huyo mama Rowe alikipima pia akakuta ni kifupi vilevile, na akaona kukirefusha nako kunasaidia sana, pengine kuliko cha kwanza. Sitaingia huko leo, ila jaribuni tu, mtoto akisema "ndiyo tumerudi", kaeni kimya sekunde tatu na uso wa kawaida. Wengi wanaongeza wenyewe, "...kwa sababu ishirini na ishirini ni... ah subiri." Hiyo "ah subiri" ukiongea haipatikani.

Mtu mmoja hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza, kwamba je muda wa kipindi, silabasi ni ndefu, tutamaliza saa ngapi. Tupige hesabu. Saa moja ya tuisheni, chukua maswali kumi na mbili yale ya kufikirisha hasa, ukiongeza sekunde tano kila moja umeongeza sekunde 60. Dakika moja kwa saa zima. Na kwa kawaida ukianza kusubiri unajikuta unauliza maswali machache zaidi, maana swali moja linazaa mazungumzo, halihitaji kufuatwa na matano mengine ya kulinyanyua. Muda unaopotea kwenye tuisheni haupotelei kwenye kimya, unapotelea kwenye kufundisha tena wiki ijayo kitu ambacho wiki hii wawili walikijibu kwa niaba ya wanane.

Swali lingine lilikuwa la yule mtoto anayeropoka. Kila kikundi kinaye. Unauliza, unanyamaza, na yeye kwenye sekunde moja na nusu "naijua!" na jibu limeshatoka. Huyo usimgombeze, kamzoea mwalimu wa sekunde moja. Mpe karatasi, mwambie andika jibu lako kisha tafuta njia ya pili ya kulithibitisha au tafuta namba ambayo litakataa, nitakuja kwako wa mwisho. Na kama limeshatoka mdomoni usilikubali wala usilikatae, usibadilishe hata uso, sema tu "hilo ni moja, wengine endeleeni", na urudi kwenye kimya chako. Ukisema "safi" umefunga swali.

Haya, sasa msinielewe kwa maneno tu, kila mtu humu atakwambia yeye anasubiri, ukimuuliza atasema nasubiri sekunde tano. Tufanye hivi. Kipindi chako kijacho weka simu mezani irekodi sauti, waambie wanafunzi unajirekodi wewe. Nyumbani usisikilize kipindi kizima utachoka, tafuta maswali matano tu ya kwa nini, na kwa kila moja anza stopwochi kwenye neno la mwisho la swali, simamisha kwenye sauti ya kwanza inayofuata, iwe ni jina, iwe ni wewe unarudia swali, iwe ni "haya". Andika namba hiyo na pembeni andika nani alivunja kimya, wewe au mtoto. Leteni hizo karatasi tukikutana tena, msiandike majina yenu, tutazichanganya mezani tuzisome.